Kabla ya kuifunga raba bawasiri ya mgonjwa wa ini

Waheshimiwa matabibu na wauguzi, nanyi ndugu mnaoishi na ugonjwa wa ini au mnaomuuguza mwenye ugonjwa huo, karibuni. Muda tulionao nitautumia kwa jambo moja tu: damu inayotoka njia ya haja kubwa kwa mtu ambaye ini lake limeharibika, na kosa linalofanyika pale damu hiyo inapoitwa bawasiri kabla ya mgonjwa kukaguliwa.

Naelewa kwa nini kosa hilo ni rahisi kufanyika. Bawasiri ni ugonjwa wa kawaida sana. Mtu akisema ameona damu chooni, mara nyingi ni bawasiri kweli, na mara nyingi akipewa dawa ya kulainisha choo na kushauriwa anywe maji anapona. Lakini kuna kundi la watu ambao ndani ya ukuta wa puru, yaani ile sehemu ya mwisho ya utumbo mkubwa kabla ya kutokea nje, wana mishipa mikubwa ya damu iliyovimba kwa sababu ya ini. Kwa jicho la haraka mishipa hiyo hufanana na bawasiri. Asili yake ni nyingine, shinikizo lililomo ndani yake ni jingine, na matibabu yanayoponya bawasiri yanaweza kuifungulia damu isiyozuilika.

Tuanze na njia ya damu. Karibu damu yote inayotoka kwenye tumbo la chakula, utumbo na wengu haiendi moja kwa moja kwenye moyo. Hukusanywa katika mshipa mmoja mkubwa, vena potali, ukaipeleka kwanza kwenye ini. Ini likiwa zima damu hupenya ndani yake bila taabu. Tofauti ya shinikizo kati ya vena potali na mishipa inayotoka upande wa pili wa ini huwa milimita 1 hadi 5 tu za zebaki, shinikizo dogo mno ukililinganisha na lile tunalopima mkononi. Ini likijaa makovu, kama inavyotokea kwenye sirosisi ya homa ya ini aina ya B au C, ya pombe, au ya mafuta kwenye ini, damu hukosa pa kupita. Kichocho cha utumbo kinaweza kuleta hali hiyo hiyo kwa kuziba matawi madogo ya vena potali ndani ya ini, na hapo vipimo vya utendaji wa ini vinaweza kubaki vizuri kabisa. Vena potali yenyewe ikiganda damu, matokeo ni hayo hayo, hata kwa mtoto.

Tofauti ile ya shinikizo ikifika milimita 10 na kuendelea, damu hufanya kama mto uliozibwa: hutafuta mkondo mwingine wa kufika moyoni. Mikondo hiyo hufunguka mahali ambapo mishipa inayopeleka damu kwenye ini inapakana na mishipa isiyopitia kwenye ini. Sehemu inayojulikana zaidi ni mwisho wa chini wa umio, na ndiyo maana wagonjwa wa sirosisi hutapika damu. Puru nayo ni mojawapo. Sehemu yake ya juu humwaga damu kuelekea vena potali, sehemu yake ya chini humwaga damu kwenye mishipa ya nyonga ambayo huenda moja kwa moja moyoni. Ndani ya ukuta wa puru pande hizo mbili hukutana kwa vijishipa vyembamba ambavyo kwa mtu mzima wa afya havina kazi kubwa. Kwa kuwa njia za vena potali hazina vali za kuizuia damu isirudi nyuma, ini likizibika damu hugeuka na kushuka kwenye puru, na vijishipa vile hupanuka mwaka hadi mwaka hadi vikawa mishipa minene.

Bawasiri si hiyo. Kila mmoja wetu amezaliwa na nyama laini zenye vijishipa vingi mwishoni mwa njia ya haja kubwa. Nyama hizo husaidia kuziba njia hiyo ili upepo na choo kilaini visitoke bila kutaka. Tunaziita bawasiri pale zinapolegea, zikajaa damu na kuteremka, hasa kwa kujikamua muda mrefu chooni, kwa choo kigumu, kwa ujauzito au kwa umri. Hazijaungana moja kwa moja na ile mikondo mikubwa ya vena potali. Ndiyo maana watu wenye shinikizo kubwa la vena potali hawapati bawasiri zaidi ya watu wengine. Wazo kwamba ini huleta bawasiri limekaa vichwani mwetu muda mrefu, hata miongoni mwa wataalamu, na nadhani ndilo mzizi wa makosa mengi: tabibu anamjua mgonjwa ana sirosisi, anaona uvimbe wa bluu, anasema moyoni, "naam, ini limemletea bawasiri," na anaendelea na matibabu ya bawasiri. Ukweli ni kwamba mgonjwa wa sirosisi anaweza kuwa na bawasiri za kawaida, anaweza kuwa na mishipa ya puru iliyovimba, na anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja. Lazima aangaliwe.

Sasa, kwa nini damu ya mishipa hii ni hatari zaidi? Bawasiri ikipasuka, kinachotoka ni damu ya vijishipa vidogo. Huchuruzika au hudondoka, mara nyingi nyekundu angavu, juu ya choo au kwenye karatasi, kisha hukoma. Anayetoka damu hivyo kwa miezi anaweza kuishiwa damu taratibu, lakini ni nadra kuanguka siku hiyo hiyo. Mshipa wa puru uliovimba una tanki kubwa nyuma yake: damu ya utumbo na wengu iliyokosa njia ya ini. Shinikizo haliondoki baada ya damu kiasi kumwagika, kwa sababu chanzo chake, yaani ini lenye makovu, bado kipo palepale. Halafu kadiri mshipa unavyotanuka ukuta wake hukondeka, na mkazo katika ukuta mwembamba wa mshipa mpana ni mkubwa kuliko katika mshipa mwembamba wenye ukuta mnene, hata shinikizo likiwa lile lile. Mkwaruzo wa choo kigumu unatosha kuutoboa.

Juu ya hayo, mwenye mshipa huo si mtu mzima wa afya. Wengu uliovimba huzuia ndani yake chembe sahani nyingi, zile chembe za damu zinazosaidia kuziba jeraha. Ini lililochoka hutengeneza protini chache za kugandisha damu. Damu ikipungua ghafla, ini na figo hukosa damu ya kutosha na huweza kushindwa ndani ya siku chache. Damu inayobaki utumbo ikivunjwavunjwa na bakteria hutoa amonia, ambayo ini haliwezi kuisafisha, na mgonjwa huanza kuchanganyikiwa. Bakteria za utumbo nazo hupenya kwa urahisi kuingia kwenye damu au kwenye maji ya tumboni. Mgonjwa wa sirosisi hafi kwa upungufu wa damu peke yake. Mara nyingi huuawa na yale yanayoufuata.

Nisiwatie hofu isiyo na msingi. Mishipa hii hupatikana kwa wagonjwa wengi wa shinikizo la vena potali, katika baadhi ya tafiti karibu nusu yao, lakini wanaotoka damu ni wachache, kuanzia chini ya mmoja hadi takriban watano katika kila mia. Uchache huo ndio unaotupumbaza. Tabibu huona bawasiri kila wiki, na mshipa wa puru unaovuja huenda asiuone kwa miaka.

Tuchukue mgonjwa wa mfano tuende naye hatua kwa hatua. Ni mwanamume wa miaka 48. Alishaambiwa ana homa ya ini aina ya B, na miaka miwili iliyopita umio wake ulikutwa na mishipa iliyovimba, ikafungwa raba, akaanzishiwa propranololi, dawa ya kushusha shinikizo la vena potali. Kwa wiki tatu amekuwa akiona damu chooni, akapewa dawa ya kuingiza njia ya haja kubwa. Leo ametoka damu nyingi mara tatu, nyekundu iliyoiva, yenye mabonge, bila maumivu. Alipoinuka chooni alihisi kizunguzungu. Shinikizo lake la damu ni 92 kwa 58, na mapigo ya moyo ni 78 kwa dakika.

Tusimame hapo kwenye mapigo. Mtu akipoteza damu kiasi hicho tunategemea moyo wake upige zaidi ya mara 100 kwa dakika. Wake unapiga 78, na mtu asiye makini angesema hali si mbaya. Lakini propranololi huuzuia moyo usikimbie. Kwa anayetumia dawa hiyo, au kavedilo ya jamii hiyo hiyo, msiyaamini mapigo ya kawaida. Angalieni shinikizo la damu, ubaridi wa mikono, mkojo, na jinsi anavyojibu maswali. Himoglobini nayo hudanganya saa za mwanzo, kwa sababu mtu anapomwaga damu nzima, ile iliyobaki bado haijapata muda wa kuchanganyika na maji ya mwilini. Huyu ilisoma 9.1 alipopokelewa, na saa sita baadaye 6.8.

Anachunguzwaje? Alazwe ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, taa ya kutosha ikiwapo. Kabla ya kidole au chombo chochote, angalieni kwa macho ngozi ya pembeni, kisha mwambieni ajikamue kidogo. Mshipa uliovimba ukifika hadi nje huonekana wa bluu au kijivu cha bluu chini ya ngozi, umejipinda, na unaweza kufuatwa kwa jicho ukiingia ndani. Bonyezeni taratibu kwa kidole chenye glavu. Mshipa hubonyea na kutoweka, na mkiachia hujaa tena papo hapo. Bawasiri ya nje haifanyi hivyo. Iliyoganda damu huwa ngumu na mgonjwa huruka kwa maumivu. Kipimo hiki cha kidole hakigharimu kitu na huchukua nusu dakika, nami ningependa kila anayeshika proktoskopu, yaani bomba fupi la kutazamia ndani ya puru, awe amekizoea.

Kisha proktoskopu, yenye mafuta ya kutosha, ikiingizwa polepole. Kinachotafutwa ni mambo mawili. La kwanza ni kama uvimbe unaangukia ndani ya chombo. Mnapokivuta nje taratibu, bawasiri za ndani hujichomoza na kujaza mdomo wake. Mishipa ya puru hubaki ndani ya ukuta, imelala kwa urefu. La pili ni umbali wa kwenda juu. Bawasiri hukaa karibu na ule mstari unaotenganisha utando wa puru na ngozi ya njia ya haja kubwa, takriban sentimita 2 kutoka nje. Mshipa unaopanda juu kwa zaidi ya sentimita 4 kutoka ukingo wa nje si bawasiri, hata kama sehemu yake ya chini inafanana nayo. Kwa mgonjwa wetu nguzo mbili za bluu zinaonekana, unene wake kama nusu sentimita, zinaanzia karibu na nje na kupotea juu zaidi ya mwisho wa proktoskopu. Juu ya moja yake kuna kidoa chekundu chenye bonge dogo la damu. Hapo ndipo palipopasuka. Bonge hilo lisiguswe kwa pamba, lisifutwe, wala kipande cha nyama kisikatwe hapo kwenda maabara.

Rangi ya damu pekee haitoshi kutofautisha. Nimesema bawasiri hutoa damu angavu na mshipa hutoa damu iliyoiva, na kwa jumla ni kweli, lakini mshipa ukimwaga kwa kasi damu inaweza kuonekana angavu pia. Kutokuwa na maumivu nako hakusaidii, maana bawasiri za ndani nyingi haziumi.

Kuna mtego wa upande wa pili, wa kuikosa mishipa iliyopo. Wakati wa endoskopi ya utumbo mkubwa, yaani kuutazama kwa bomba lenye kamera, tunajaza hewa ili kuona vizuri, na hewa hiyo hukandamiza mishipa ikalala bapa ukutani. Mgonjwa aliyepoteza damu nyingi pia mishipa yake hunywea. Kwa hiyo ukaguzi wa puru ufanyike hewa ikiwa imepunguzwa, na ukikuta pasafi kwa mgonjwa ambaye shinikizo lake la damu lilikuwa limeshuka, rudia baada ya hali kutulia. Altrasaundi inayofanywa kupitia ndani ya puru huona mishipa iliyojificha chini ya utando na mwelekeo wa damu ndani yake. Pasipo kifaa hicho, altrasaundi ya kawaida ya tumbo bado ni msaada mkubwa: ini lenye kingo za mabonde, wengu uliozidi sentimita 13, vena potali iliyopanuka au iliyoganda, maji tumboni. Chembe sahani 58,000 tu kwenye karatasi ya maabara ya mgonjwa wetu zingetosha kumfanya mtu aulize habari za wengu wake, hata kama hakuna aliyewahi kumwambia ana ugonjwa wa ini.

Nataka kukaa kidogo kwenye kosa lenyewe. Chukueni kwamba mgonjwa huyu hakuchunguzwa hivyo, na uvimbe wake ukafungwa raba kama bawasiri. Raba hubana kipande cha nyama, kipande kinakosa damu, kinakufa, na baada ya siku chache, mara nyingi ndani ya wiki moja hivi, kinadondoka pamoja na raba na kuacha kidonda. Kwa bawasiri kidonda hicho hupona kwa kovu, na kovu hilo ndilo linaloishikilia nyama isiteremke tena. Kwa mshipa mnene, raba ndogo haiwezi kuubana wote. Inashika ukuta wa mbele tu. Kipande kikidondoka, kidonda kinabaki juu ya mshipa ulio wazi wenye shinikizo lile lile, na mgonjwa yuko nyumbani, ameshaambiwa amepona. Kukata bawasiri kwa upasuaji ni kubaya zaidi, kwa kuwa kisu kinaingia katikati ya mkondo na kila mshono unaowekwa unatoboa mshipa mwingine. Kuchoma sindano ya kukausha bila kujua mshipa una ukubwa gani na unaelekea wapi, dawa inaweza kusombwa kwenda moyoni na mapafuni.

Wapo mabingwa wanaofunga raba mishipa ya puru kwa makusudi, kwa kutumia endoskopi, mishipa ikiwa midogo. Hilo ni tofauti. Wanajua wanachokifunga na mgonjwa yuko mahali ambapo damu ikirudi ataokolewa. Hata hivyo kurudi kwa damu ni kwingi, na mimi binafsi singeichagua njia hiyo kwa mshipa unaokaribia sentimita moja.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Kwanza dripu mbili zenye sindano nene, damu ya vipimo na ya kulinganisha kundi, na maji ya dripu kwa kiasi cha kurudisha namba ya juu ya shinikizo la damu hadi karibu 90 au 100. Yasimiminwe kupita hapo. Kwa mgonjwa huyu kila kinachoingia kwenye mishipa kupita kiasi huongeza shinikizo la vena potali na kuufungua upya mshipa ulioanza kuziba. Ndivyo ilivyo kwa damu pia. Aongezewe damu pale himoglobini inaposhuka chini ya 7, na lengo liwe kati ya 7 na 8. Huyu alipewa yuniti 2 akafika 8, ikatosha. Plazma ya kujaribu kurekebisha kipimo cha kuganda damu isitolewe kwa mazoea, kwa sababu kipimo hicho hakionyeshi vizuri jinsi damu ya mwenye sirosisi inavyoganda, na ujazo wa plazma hiyo unadhuru. Asidi ya traneksami, inayotumika kwa akina mama wanaotoka damu baada ya kujifungua, haikupunguza vifo kwa wanaotoka damu tumboni na utumboni katika jaribio kubwa la wagonjwa zaidi ya 12,000 lililochapishwa mwaka 2020, na iliongeza hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa. Kwa huyu haina nafasi.

Mara tu tunaposhuku kwamba damu inatokana na shinikizo la vena potali, tuanze dawa ya kulipunguza hata kabla ya endoskopi. Oktriotaidi hutolewa mikrogramu 50 kwa mkupuo kwenye mshipa, kisha mikrogramu 50 kwa saa kwa njia ya dripu, siku 2 hadi 5. Ushahidi wa dawa hii umetokana zaidi na damu ya umio, na kwa puru tunaiazima kwa mantiki ya shinikizo. Antibayotiki nayo ianze siku hiyo, seftriaksoni gramu 1 kwa siku, isizidi siku 7. Propranololi isimamishwe kwa muda shinikizo la damu likiwa chini. Laktulosi mililita 20 hivi, mara mbili au tatu kwa siku, iondoe damu iliyobaki utumbo na kulainisha choo, lengo likiwa choo laini mara 2 au 3 kwa siku.

Umio nao uangaliwe, hata kama mgonjwa hajatapika. Damu ya juu ikitoka kwa kasi hufika chini ikiwa bado nyekundu, na mwenye mishipa ya umio iliyowahi kufungwa anaweza kuwa na vyanzo viwili. Kufungwa kwa mishipa ya umio wakati mwingine huielekeza damu kwenye mikondo mingine, puru ikiwemo. Umio wa mgonjwa huyu ulikutwa umetulia.

Ikiwa damu inamwagika na hospitali yenye uwezo iko mbali, kidole kikandamize pale panapovuja kama panafikika, au shashi iliyokunjwa vizuri, yenye mkia uliobaki nje, ijazwe kwenye puru. Mkandamizo huu ni wa kununua saa chache za safari. Ukikaa mno huunyima utando damu na kuufanya kidonda. Daktari wa upasuaji anaweza pia kushona juu ya mshipa bila kuukata, kwa uzi unaoyeyuka, mshono ukianzia juu ya pale panapovuja, maana damu inatoka juu kuja chini.

Matibabu ya uhakika zaidi ni ya aina mbili. Ya kwanza ni kuuziba mshipa wenyewe kutoka ndani, kwa gundi ya saianoakrilati au nyuzi za metali zinazojikunja, ikiongozwa na altrasaundi ya puru ili anayechoma aone sindano iko wapi na damu inasimama lini. Gundi hutolewa kidogo kidogo, kwa sababu inayoponyoka hufuata mkondo wa nyonga hadi mapafuni. Ya pili ni kupunguza shinikizo lenyewe. Mtaalamu wa mionzi hupitia mshipa wa shingo hadi ndani ya ini, na kuweka bomba dogo la wavu linaloiunganisha vena potali na mshipa unaotoka kwenye ini, tofauti ya shinikizo ikashuka chini ya milimita 12. Hii hutibu chanzo, lakini damu isiyosafishwa na ini huenda moja kwa moja kwenye mzunguko mkuu, na baadhi ya wagonjwa huanza kuchanganyikiwa. Mwenye manjano makali, moyo dhaifu, au aliyekwisha kuchanganyikiwa mara kwa mara mara nyingi hafai kuwekewa. Mgonjwa wetu alizibwa mshipa kwa gundi siku ya pili, na bomba la ini likabaki kama akiba endapo damu itarudi.

Sasa naongea nanyi wenye ugonjwa wa ini. Mkiona damu, hata kidogo, semeni mambo mawili: kwamba mmeona damu, na kwamba mna ugonjwa wa ini. Msidhani anayewahudumia anajua. Mkitajiwa raba au upasuaji wa bawasiri, ulizeni kama puru imekaguliwa kwa ndani na kama mishipa ya shinikizo la ini imetafutwa. Damu ikiwa nyingi, yenye mabonge, ikirudia ndani ya saa chache, au ikija na kizunguzungu, jasho la baridi au kuchanganyikiwa, msisubiri kukuche. Mgonjwa alale ubavu, asiachwe peke yake chooni, asipewe enema, asiingizwe dawa ya aina yoyote njia ya haja kubwa. Dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huharibu figo za mwenye sirosisi na kuongeza kutoka damu. Aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache mwenyewe bila kuongea na daktari wake.

Na tusisahau kwamba damu hiyo hiyo inaweza kutoka kwenye saratani ya puru. Mtu akikutwa na mishipa iliyovimba isiyoonyesha alama ya kuvuja, utumbo mkubwa wote bado unahitaji kuangaliwa.

Mgonjwa wetu anaporuhusiwa, anarudishiwa dawa ya kushusha shinikizo la vena potali, mfano kavedilo miligramu 6.25 kwa siku ikipandishwa hadi 12.5, mradi namba ya juu ya shinikizo la damu isishuke chini ya 90. Anaanzishiwa dawa ya virusi vya homa ya ini aina ya B kama hakuwa nayo, na watu wa nyumbani kwake wanapimwa na kuchanjwa. Puru inakaguliwa tena baada ya wiki nne hivi kuona kama mshipa umezibika. Kwenye barua yake ya rufaa na kwenye daftari lake yaandikwe wazi maneno haya, ili tabibu atakayempokea usiku asiyemfahamu ayasome kabla ya kushika chombo: "Ana mishipa ya puru iliyovimba kwa shinikizo la vena potali. Si bawasiri. Asifungwe raba, asikatwe, asichukuliwe kipande cha nyama."